Saa ilipolia king'ora juu ya boda

Jana kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, saa yangu ya Apple Watch ilianza kulia king'ora mkononi mwangu. Bodaboda wangu alidhani polisi! Nilikuwa nimeshika chuma cha nyuma ya siti, kifundo cha mkono kimekunjika, mgongo wa mkono unakandamiza kitufe cha pembeni cha saa. Nilinyoosha mkono, hesabu ya kurudi nyuma ikakatika kabla saa haijapiga namba ya dharura.

Ingepiga, ningebonyeza alama nyekundu ya kukata simu na kuthibitisha, kisha kuzuia ujumbe unaotumwa kwa ndugu.

Wenye Apple Watch, kwenye simu fungueni programu ya Watch, Emergency SOS, mzime Hold Side Button to Dial. Kitufe kikibanwa, kitaleta tu kitelezi cha kupigia mwenyewe.