Bado Nimempa

Wiki iliyopita mwanangu alikuwa akitafuta karatasi tupu za kuchorea, akafungua droo ya chini na kutoka na lile daftari la jalada la buluu ambalo nilidhani lilikwishatupwa pamoja na vitu vingine vya bibi yake. Alilipekua kidogo, akacheka, kisha akanisomea kwa sauti: “Mama bado nimempa dawa ya damu. Yeye nakataa.” Akaniuliza ni mtoto gani aliyeandika maneno hayo. Nilimjibu kwamba hakuwa mtoto, nikaunyoosha mkono anipe daftari, lakini yeye alikuwa ameshaliinamia tena na kuuliza jambo jingine ambalo nitalieleza mwishoni.

Aliyeandika alikuwa dada aliyemtunza mama mchana, katika miezi ile ambayo mimi na ndugu zangu tulikuwa tukipokezana usiku. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya tatu. Tulikubaliana kwamba kila anayeondoka aandike katika daftari yale ambayo anayeingia anapaswa kuyajua, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa amefikia hali ya kukubali kila anachoulizwa: ukimuuliza kama amekunywa dawa atasema amekunywa, na ukimuuliza kama hajainywa atasema kweli, hajainywa.

Maandishi ya dada huyo yalijaa makosa, lakini mengi yalikuwa ya aina isiyomdhuru mtu. Aliandika “kiti yake” na “miguu yangu nyingine imevimba”, na hata hapo, ambapo neno lilisema miguu ni yake, hakuna aliyedhani kwamba mtunzaji ndiye aliyevimba. Ngeli zikivurugika, msomaji hukwaruzika sikio tu, maana inabaki. Yanayopoteza maana ni mambo machache: nani ametenda, nani ametendewa, jambo limefanyika au halijafanyika, na lilifanyika lini. Siku hizo nilikuwa nimeshafanya kazi ya uhariri kwa miaka mingi, na ningeweza kuyaeleza haya yote kwa kirefu. Hayakunisaidia.

Niliingia saa tatu usiku. Mama alikuwa amelala. Dawa yenyewe ilikuwa ya kuzuia damu isigande, kidonge kimoja kila jioni, na tulikuwa tumeonywa mara nyingi: kikisahaulika na ukakumbuka siku hiyohiyo, mpe, lakini usimpe viwili kwa namna yoyote, kwa sababu kikizidi anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani pasipo wewe kuona. Nikafungua daftari nikakuta sentensi ile.

“Bado nimempa.” Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hawezi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja kwa maana hii. Ama husema “bado sijampa”, ama “tayari nimempa”. Kwa hiyo neno moja kati ya hayo mawili lilikuwa limekosewa, na kila kitu kilitegemea ni lipi. Ikiwa kilichoteleza ni kitenzi, mama hajapata dawa. Ikiwa kilichoteleza ni “bado”, amekwisha kuipata. Hiyo “nakataa” niliisamehe papo hapo, nikijua ni “anakataa” iliyopungukiwa herufi, lakini nayo haikuamua lolote: mama aliweza kukataa kwanza kisha akanywa, kama alivyofanya mara nyingi. Nilimwaga vidonge vilivyokuwa kwenye chupa nikavihesabu, vikawa ishirini na vitatu, hesabu isiyo na faida yoyote kwa sababu hakuna aliyeandika jana vilikuwa vingapi.

Nilimpigia simu mara mbili, hakupokea. Nikiwa nasubiri, mkono wangu ulichukua penseli, jambo ambalo sikulitambua hata kidogo wakati huo. Kisha nikamwandikia ujumbe, na ninaukumbuka neno kwa neno: “Dada, nadhani ulitaka kuandika ‘bado sijampa’. Hujampa, sivyo?”

Jibu lilikuja upesi: “Ndiyo.”

Nilikaa nikilitazama neno hilo moja. Wengi wetu tukiulizwa “Hujampa?” na tukajibu “Ndiyo”, tunakubali kile kilichosemwa: ndiyo, sijampa. Lakini ziko lugha ambazo jibu la namna hiyo hukitazama kitendo na si maneno ya muuliza, na hapo “ndiyo” ni sawa na kusema nimempa. Sikujua lugha zake mbili za kwanza zilikuwa za upande gani. Isitoshe, nilikuwa nimeongeza “sivyo” mwishoni, kwa hiyo hata mimi sikuweza kusema kwa hakika ile “ndiyo” ilikuwa inalijibu lipi. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo lililokuwa zito kuliko yote: mtu akikusahihisha kabla ya kukuuliza, njia fupi ya kumaliza aibu ni kumkubalia. Ningeandika kwamba alitaka kusema mama ameota mbawa, huenda angejibu “ndiyo” vilevile.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi, na bado linanichoma. Nilijiambia kwamba Kiswahili changu kilikuwa kirefu mno kwake, nikakikatakata: “Wewe pa mama dawa leo? Ndiyo au hapana?” Safari hii jibu lilichelewa. Niliona alama ya kwamba anaandika, ikapotea, ikarudi, ikapotea. Hatimaye ikaja: “Mimi nasoma Kiswahili vizuri dada. Kuandika tu ndio shida.”

Alikuwa na haki. Siku zote alikuwa akifuata maagizo tuliyoyaandika kwa sentensi ndefu zenye “endapo” na “iwapo”, na hakukosea hata moja. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona jambo lililo wazi hivyo, kwamba mtu huielewa lugha mapema sana kuliko anavyoweza kuiandika. Makosa yalikuwa kwenye kalamu yake, nami nikayahamishia kwenye akili yake. Na kwa kumwigiza, nikamwandikia lugha ambayo hata yeye hakuwahi kuiandika.

Mama akajigeuza kitandani. Nikaandika ujumbe wa tatu, kwa Kiswahili changu cha kawaida: “Samahani, dada. Nimeingia sasa hivi na ninataka kujua jioni ya mama ilikwendaje. Tafadhali nisimulie kuanzia alipolala: nini kilitangulia na nini kikafuata, na kidonge kiko wapi sasa.”

Nakiri kwamba sikuwa na hekima yoyote katika kuandika hivyo. Nilikuwa nimechoka na maswali yangu mwenyewe. Lakini ujumbe huo ulikuwa tofauti na ile miwili kwa sababu ulimuuliza juu ya mama na haukumuuliza juu ya sentensi yake, na haukuweza kujibiwa kwa neno moja. Akajibu: “Saa 6 mama lala. Mimi ngoja. Saa 7 amka, kula kidogo, dawa hapana taka, sukuma mkono. Mimi weka dawa kisahani juu ya kabati, glasi funika. Nasema wewe utampa. Bado.”

Hakuna kitenzi hata kimoja kati ya vile vya mwanzo kilichosimama sawasawa, na hakuna mahali ambapo ningeweza kukosea maana. Matukio yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano wake, kila moja likiwa na mtu wake. Zilibaki saa tu. Saa saba kwetu ni mchana au usiku wa manane, naye bila shaka alikuwa akizisoma jinsi zilivyo kwenye uso wa saa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika “Je, unahesabu saa kwa Kiswahili au”, nikafuta. Nikamuuliza: “Alipoamka ulikuwa umeshawasha taa?” Akasema: “Ndiyo, mimi washa. Nje giza.” Ilikuwa saa moja usiku, basi, na kidonge kilikuwa kile cha jioni.

Nilikwenda kwenye kabati. Kisahani kilikuwa pale, nyuma ya picha, mahali ambapo mkono wa mama usingefika, kimefunikwa kwa glasi iliyogeuzwa juu chini, na ndani yake kidonge kimoja kikiwa na umande kidogo wa pumzi ya glasi iliyokuwa haijakauka vizuri. Nilikuwa nimepita mbele yake mara tatu. Nikamwamsha mama, akakinywa bila ubishi wowote, kama kwamba alikuwa akinisubiri mimi tu.

Yaliyofuata sitayarefusha. Kwa wiki mbili hivi maandishi ya dada yalipungua hadi kuwa mistari: “Dawa, amekunywa. Chakula, nusu.” Hayakuwa na kosa hata moja, na hayakuwa na habari. Zamani alikuwa akitueleza, kwa ngeli zake zilizopotoka, kwamba mama alikohoa alipogeukia kushoto, kwamba alimwita dada yake aliyekwisha kufa, kwamba aliimba, sasa hakuna. Nilijaribu kuzirudisha habari hizo kwa kumwandikia chini ya mistari yake maswali madogo: alikohoa akiwa ameketi au amelala? Aliimba wimbo gani? Polepole majibu yakarudi, ingawa hayakuwa marefu kama yale ya kwanza. Sikuwahi kumuuliza kama ni kwa sababu ya usiku ule. Nilitafuta namna ya kuuliza, na kila sentensi niliyoitunga ilionekana kumtaka yeye anifariji mimi.

Swali la pili la mwanangu lilihusu penseli. Katika ukurasa ule, juu ya “nimempa”, silabi “nime” imekatwa kwa mstari mwembamba na juu yake imeandikwa “sija”, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea pambizo. Iliandikwa wakati ule nikisubiri simu ipokelewe, kabla sijajua kama mama amekunywa au hajanywa, na daftari lilibaki wazi mezani hadi dada alipoingia asubuhi. Inaonekana kuna mtu aliyejaribu kuifuta, kwa sababu karatasi imechakaa kidogo mahali hapo, na sikumbuki kama ni mimi.

Mwanangu akauliza ni nani aliyeandika hilo la penseli.

Nikamwambia ni mimi. Akalitazama kidogo, akasema, “Kumbe ulikuwa unajua,” kisha akaenda kuchora.