Nilivyokisafisha Kiitaliano kilichovaa maana za Kiingereza

Mteja wangu ana hoteli ndogo huko Watamu, na wageni wake wengi ni Waitaliano. Hilo si geni pwani yetu. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco kule Ngomeni, Kiitaliano kimekuwa lugha ya kazi Malindi, hotelini na hata ufukweni. Brosha yake iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa, naye akaniomba niiangalie makosa ya herufi kabla haijaenda kuchapwa.

Makosa ya herufi hayakuwapo. Kompyuta haikupiga mstari mwekundu popote, kwa kuwa kila neno lilikuwa Kiitaliano halali kabisa. Shida ni kwamba maneno mengi yalibeba maana ya Kiingereza. Waitaliano huyaita "falsi amici", marafiki wa uongo: neno lina sura ya mwenzake wa lugha ya pili, lakini kazi yake ni nyingine.

Nilianza kwa kusoma Kiitaliano peke yake, nakala ya Kiingereza nimeifungia kwenye mtoto wa meza. Utaratibu huu siuachi. Ukiziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu, Kiingereza kinakunong'onezea kilichokusudiwa, na jicho linalivuka kosa bila kulihisi. Ukisoma tafsiri peke yake, huna budi kuelewa vile atakavyoelewa mgeni aliyeko Milano. Kila sentensi iliyonikwaza niliitia alama ya kalamu, nikaendelea mbele bila kurekebisha kitu.

Ukurasa wa kwanza ulisifu "camere lussuriose". Mfasiri alikuwa na "luxurious" mkononi, yaani vyumba vya kifahari, na Kiitaliano chake ni "lussuoso". "Lussurioso" ni mtu mwenye uchu wa zinaa, na "lussuria" ni mojawapo ya zile dhambi saba ambazo Mkatoliki hufundishwa tangu utotoni. Mstari uliofuata ulisema hoteli iko "in una locazione unica". "Locazione" ni upangishaji, lile neno la kwenye mkataba wa nyumba. Mahali ilipo hoteli ni "posizione". Penye safari ya kutazama kasa, mgeni aliambiwa "portate la vostra camera", aje na chumba chake, maana "camera" ni chumba, na kamera ni "macchina fotografica".

Makosa ya namna hii ni rahisi kuyakamata. Mwitaliano atacheka, hasara itakuwa aibu, basi. Yaliyonishughulisha ni yale ambayo sentensi inasomeka vizuri, haikwazi mtu, ila inaahidi jambo jingine. Gari la kutoka uwanja wa ndege liliitwa "conveniente". Kwa Kiitaliano cha leo hilo ni la bei nafuu, na gari la mteja wangu si la bei nafuu. Alichotaka kusema ni kwamba halina usumbufu, yaani "comodo". Watoto nao walitakiwa kupanda mashua pamoja na "parenti". Hao ni jamaa, binamu na shangazi wakiwemo. Hoteli ilitaka wazazi, "genitori", na penye usalama wa mtoto baharini tofauti hiyo si ndogo.

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilihusu pesa: "Il deposito sarà eventualmente detratto dal conto finale." Ya Kiingereza ilimaanisha kwamba malipo ya awali mwishowe yatakatwa kwenye bili. Lakini "eventualmente" si mwishowe. Ni ikitokea, ikilazimu. Kwa hiyo mgeni alikuwa anaambiwa kwamba pesa alizotanguliza huenda zikakatwa kwenye bili, na huenda zisikatwe. Na "deposito" peke yake humpeleka Mwitaliano kwenye dhamana, pesa inayoshikiliwa usije ukavunja kitu, kisha ukarudishiwa ukiondoka.

Hapo kamusi haikutosha. Ilibidi nimpigie mwenye hoteli, nimuulize, "Bwana, mgeni akighairi, pesa hizi zinarudi?" Akasema hazirudi. "Na ninyi mkishindwa kumpokea?" Akasema watamrudishia yote. Nilimuuliza hivyo kwa sababu Kiitaliano kina maneno mawili hapa. "Acconto" ni sehemu ya bei iliyotangulizwa, basi. "Caparra" ni arbuni, na arbuni yao ina meno: kwa kifungu cha 1385 cha sheria yao ya madai, aliyeitoa akivunja makubaliano anaipoteza, na aliyeipokea akivunja anadaiwa mara mbili yake. Hoteli iko Kenya, lakini msomaji wa brosha yuko Italia, na akiona "caparra" atatarajia maradufu. Mwenye hoteli hakuwa ameahidi hivyo. Tukachukua "acconto" na masharti tukayaeleza wazi:

"L'acconto viene detratto dal conto finale e non è rimborsabile in caso di disdetta. Se siamo noi ad annullare, lo restituiamo per intero."

Baada ya maneno niliingia kwenye tafsiri sisisi, pale ambapo kila neno ni sahihi lakini mjengo wa sentensi ni wa Kiingereza. Vichwa vya habari vilikuwa na herufi kubwa kila neno, "Scegliendo La Tua Camera", wakati Kiitaliano huweka herufi kubwa mwanzoni tu, na kichwa cha aina hiyo hukianza kwa kitenzi kisicho na nafsi, kama "kuchagua" chetu: "Scegliere la camera". Vimilikishi vilirundikana: pumzisha mwili wako na akili yako ukitazama machweo yako. "Rilassatevi guardando il tramonto" inatosha. Tena mgeni yuleyule aliitwa wewe kwenye kichwa na ninyi kwenye aya, kwa kuwa "you" ya Kiingereza haitofautishi. Sisi wenye u- na m- tungeliona hilo papo hapo. Wageni wa hoteli hii wengi ni watu wazima wanaokuja kwa jozi, basi nikashika "voi", yaani ninyi, mwanzo hadi mwisho.

Si kila chenye asili ya Kiingereza nilikiondoa. "Check-in" niliiacha, maana mhudumu wa hoteli Italia kwenyewe hutamka hivyo. "Fare la differenza", kuleta tofauti, nayo ilitoka kwa Kiingereza, ila imeshazoeleka mno. Kipimo changu ni kimoja: je, hoteli ya kule ingeyaandika maneno haya bila mtu kuyatafsiri kutoka kokote? Kama jibu ni ndiyo, siyagusi.

Mwisho nilimpelekea brosha sinyora mmoja mzee anayeishi Malindi, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, na ndicho nilichokitaka. Sikumwomba atafute makosa. Nilimwomba asome kila aya kisha aniambie hoteli imemwahidi nini. Sehemu moja nilikuwa nimeiacha makusudi nione ataichukuaje, "colazione complementare", iliyotokana na "complimentary", kifungua kinywa cha bure. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiki ni kifungua kinywa cha nyongeza. Nadhani utakilipia." Ikawa "colazione compresa", kilichomo ndani ya bei, na jioni hiyo faili likaenda kwa mchapaji.