Mchanga uliozuka baada ya kupunguza picha

Nilikuwa na folda ya eneo la mikoko kwenye delta ya Rufiji: picha za droni, ramani ya matabaka na faili ya mwinuko. Nilitaka vyote vipungue mara nne kila upande, nikaandika skripti ya Pillow iliyotumia `BILINEAR` kwa kila faili.

Ramani ilitoka na ufuo wa mchanga kando ya kila kijito. Vijito vile nimevitembea kwa miguu. Kingo zake ni tope na mizizi. Kwenye ramani, 1 ni maji, 2 ni mchanga, 3 ni mikoko. Bailinia hupiga wastani wa pikseli jirani, na wastani wa maji na mikoko ni 2! `np.unique` haikunionyesha kosa, maana namba zilikuwa zilezile tatu. Lilijitokeza nilipohesabu pikseli za kila tabaka kabla na baada, nikaona sehemu ya mchanga imeongezeka.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua njia najiuliza kama namba ya katikati ina maana. Kwa matabaka haina, hivyo natumia jirani wa karibu, ambayo huchukua pikseli iliyopo bila kuunda namba mpya.

Kwa mwinuko ina maana: kati ya mita 2 na mita 4 kweli kuna mita 3. Nilijaribu Lanczos nikitarajia tuta litoke kali zaidi, lakini kando yake kukatokea mwinuko chini ya sifuri, wakati faili ya mwanzo haikuwa na namba hasi hata moja. Baadhi ya uzito wa Lanczos ni hasi, kwa hiyo penye mpando wa ghafla jibu huweza kupita namba zote zilizoizunguka. Bailinia haivuki mipaka hiyo.

Uzito huohuo hasi ndio unaozipa picha za droni ukali ninaoupenda. Boti nyeupe kwenye maji meusi huzungukwa na ukungu mwembamba wa weusi, lakini kwa picha ya kutazamwa naukubali.

```python
R = Image.Resampling
njia = {"picha": R.LANCZOS,
        "mwinuko": R.BILINEAR,
        "matabaka": R.NEAREST}
ndogo = im.resize((w // 4, h // 4), njia[aina])
```

Jirani wa karibu nayo ilinikatia vijito. Ukipunguza mara nne, inabaki pikseli moja kati ya 16, na kijito cha upana wa pikseli 2 huonekana vipandevipande au hupotea kabisa. Kwa ramani ya matabaka nimehamia GDAL, nikitumia `gdalwarp -r mode`, inayochagua tabaka lenye pikseli nyingi zaidi katika kila mraba. Kingo zimetulia, ila vijito vyembamba bado humezwa na mikoko, kwa hiyo hivyo navichora kama mistari kwenye faili ya pembeni kabla ya kupunguza chochote.