Posho imefutwa, haijasitishwa: nilivyotangaza bajeti kukatwa

Mwaka 2022 niliandika tangazo la mistari sita na kulibandika kwenye ubao wa ofisi yetu, Morogoro. Lilisema kwamba kutokana na hali ya kifedha, posho ya safari za Jumamosi "imesitishwa kwa sasa" na kwamba uongozi "utaangalia" suala hilo. Niliona nimeandika kwa upole. Miezi minne baadaye dereva wetu mkubwa, mzee ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuja kuniuliza posho inarudi lini. Alikuwa amekopa SACCOS akihesabu kwamba "kwa sasa" ni mwezi mmoja, labda miwili. Mimi nilijua tangu siku ile ya kwanza kwamba haitarudi.

Kwa hiyo tarehe 8 Oktoba 2024, barua ya mfadhili ilipofika ikisema bajeti yetu ya mwaka unaofuata inashuka kutoka shilingi milioni 612 hadi milioni 465, jambo la kwanza lililonijia si hesabu. Lilikuwa lile tangazo la ubaoni.

Tulikuwa wafanyakazi 25. Bodi na mimi tulichukua siku kumi kuamua wapi pakatwe, na tukafika hapa: maafisa watatu ambao mikataba yao ilikuwa inaisha tarehe 31 Desemba hawatapewa mipya, gari moja kati ya matatu litaegeshwa, mafunzo ya mwaka mzima yanafutwa, na posho ya chakula ya shilingi 10,000 kwa siku ya kazi inaondolewa kwa wote watakaobaki. Mishahara haiguswi. Posho hiyo peke yake, kwa watu 22, ilikuwa inakula karibu milioni 58 kwa mwaka. Tulipoipitia mikataba tukakuta kwamba wafanyakazi wanne wa siku nyingi wameandikiwa posho hiyo ndani ya mkataba wenyewe, wakati wengine 18 waliipata kwa waraka wa ofisi. Tofauti hiyo ni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadili masharti yaliyoandikwa, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa wale wanne, basi, sikuwa na cha kutangaza. Nilikuwa na cha kwenda kuzungumza nao, na kikaoni ilinibidi niseme hivyo hivyo.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ile ile ya 2022 iliyovaa koti jipya. Nilipoisoma kwa sauti usiku nyumbani nikachukua kalamu nyekundu. "Imebidi kubana matumizi." Nani anabana, na matumizi ya nani? Mtu anayepokea 550,000 akisikia hivyo anadhani unamshauri apunguze kula. "Tutajitahidi kuwalinda wote." Kwa Kiswahili chetu cha kazini, tutajitahidi ni ahadi nusu, anayeisikia hukamilisha nusu ya pili mwenyewe. "Sisi ni familia moja." Hili nililifuta kwa haraka zaidi, kwa sababu watatu kati ya familia hiyo walikuwa wanaondoka. "Asilimia 24" nayo niliiondoa. Hakuna anayepanga matumizi ya nyumbani kwa asilimia. Nikaandika: shilingi 220,000 kwa mwezi, maana ndicho kinachotoka mfukoni mwa mtu anayefanya kazi siku 22.

Neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa "utaangaliwa", kwa wale watatu wa mikataba. Ulimi ulikuwa unataka kusema, "mkataba wako utaangaliwa hali ikiruhusu." Ni neno la huruma, lakini lina makali ya kisheria. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kutomwongezea mtu mkataba wa muda maalumu, huku ukiwa umempa sababu ya msingi ya kutegemea kwamba utaongezwa, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Na hata bila sheria: mtu aliyeambiwa utaangaliwa haombi kazi kwingine. Anakaa akisubiri. Ningemuibia Novemba na Desemba, miezi miwili ambayo angeweza kutafuta.

Sentensi niliyowapa, kila mmoja peke yake, ilikuwa hii: "Mkataba wako unaisha tarehe 31 Desemba na hatutakupa mwingine. Sababu ni fedha, siyo kazi yako. Utalipwa hadi siku ya mwisho pamoja na siku za likizo ulizobakiza, na barua ya kukutambulisha kwa mwajiri mwingine nimeshaiandika, hii hapa." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu. Mmoja alitazama dirishani kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, halafu akauliza, "Kwa hiyo bosi, hakuna namna?" Nikajibu, "Hakuna namna." Nilitaka sana kuongeza kitu baada ya hapo. Sikuongeza.

Hapa kuna kosa nililofanya na ambalo sitalirudia. Watatu hao niliwaambia Jumatatu saa tisa alasiri, na kikao cha wote kilikuwa Jumanne tarehe 22, saa tatu asubuhi. Nilidhani nawapa heshima ya kulala na habari kabla ya wenzao. Kufikia saa mbili usiku, kwenye kundi la WhatsApp, watu watatu walikuwa wamekuwa kumi, na ofisi ya Kilosa ilikuwa imefungwa. Saa kumi na nane za uvumi ni nyingi mno. Siku nyingine nitaongea na wanaoondoka saa moja na nusu asubuhi na wote saa tatu, siku hiyo hiyo.

Angalau mwaliko wa kikao niliuandika vizuri. Haukusema "kikao cha dharura, wote mhudhurie bila kukosa", maneno ambayo hunyima watu usingizi. Ulisema: "Bajeti ya 2025 imepungua. Nitaeleza nini kimekatwa na kinamgusa nani. Mishahara ya Oktoba italipwa tarehe 25 kama kawaida." Nilichagua Jumanne kwa makusudi. Tangazo la Ijumaa jioni humrudisha mtu nyumbani na maswali ya siku mbili, na hakuna wa kuyajibu. Nilichagua pia Oktoba badala ya kusubiri Desemba, ingawa mjumbe mmoja wa bodi alisema tusiwaharibie watu sikukuu. Januari shule zinafunguliwa. Mzazi anapaswa kujua fedha zake za Januari kabla hajaingia kwenye mkopo wa sare na madaftari, siyo baada.

Kikaoni nilisimama, nikasalimia, na sentensi ya pili ikawa habari yenyewe. Mila zetu zinapenda utangulizi, kuzunguka kidogo, kumshukuru Mungu na kila mmoja. Msibani utangulizi huo unafariji. Kwenye mshahara unatesa, maana kila aliyekaa pale anasubiri jambo moja: mimi je? Nilisoma kutoka kwenye karatasi, na hili ndilo lililoandikwa:

"Mwaka 2025 tutakuwa na shilingi milioni 147 pungufu ya mwaka huu. Mishahara haikatwi. Posho ya chakula inafutwa. Mara ya mwisho kulipwa ni Desemba 2024. Kwa wengi wenu ni shilingi 220,000 kwa mwezi, na najua kwa baadhi yenu hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Wanne kati yenu mna posho hii ndani ya mikataba. Nitakaa na kila mmoja wenu wiki hii kabla ya kuamua lolote. Wenzetu watatu hawataongezewa mikataba, na nimeshazungumza nao. Hakuna mwingine anayeondoka. Mfadhili aliamua kiasi cha kukata. Wapi pakatwe, tuliamua bodi na mimi. Poleni."

Hilo la nani aliamua lilinipa shida kuliko linavyoonekana. Ni rahisi kumtupia mfadhili mzigo wote, yuko mbali na hana wa kumtetea. Lakini hakusema tufute chakula badala ya gari la pili. Hiyo ilikuwa kalamu yetu. Nilipolisema, fundi wetu mmoja akauliza papo hapo kwa nini hatukuuza magari yote. Nikajibu kwamba bila magari mawili hatufiki vijiji vya mradi, na bila vijiji hakuna bajeti hata hiyo iliyobaki. Hakuridhika. Lakini tulibishana juu ya jambo halisi.

Kuhusu "poleni": nililiweka mwishoni na mara moja tu. Likitangulia, watu wanaacha kusikiliza kinachofuata, wanaanza kuhesabu waliokufa. Na sikusema samahani, kwa sababu pole ni ya kushiriki maumivu na samahani ni ya mwenye kosa. Samahani niliitoa baadaye kidogo, kwa jambo lingine. Niliwaambia kwamba mwaka 2022 niliandika "imesitishwa kwa sasa" nikijua haitarudi, na kwamba kosa hilo lilikuwa langu. Mzee wa magari alikohoa kidogo. Hakuniangalia.

Mhudumu wa ofisi, mama ambaye huwa haongei vikaoni, akanyoosha mkono. "Bosi, na hii ya sasa itarudi lini?"

"Haitarudi, mama. Fedha zikipatikana siku moja nitawaita na kuwaambia upya, lakini msiipangie chochote."

Akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Niliona wengine wawili nao wanaandika.

Kikao kilichukua dakika 40, nusu yake maswali. Mawili sikuwa na majibu yake, mojawapo likiwa kama bima ya afya ya familia itaendelea kwa kiwango kile kile. Nilisema, "Sijui. Nitajua Ijumaa saa nne, na nitawaambia Ijumaa saa nne hata kama jibu ni baya." Ijumaa ilipofika nikawaambia. Iliendelea. Kati ya wale wanne wenye posho mkatabani, wawili walisaini mabadiliko wiki ile, na wawili waliomba iwaondokee Machi, baada ya ada. Tukakubali na kuandikishana. Kulikuwa na minong'ono kwamba wazee wanapendelewa. Niliwaonyesha walionong'ona kifungu cha mikataba, ikapungua, haikuisha.

Alasiri ya siku ile ya kikao, mzee wa magari aligonga mlango. Nikasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa na bahasha ya SACCOS mkononi. Walimpa mkopo wakihesabu posho kama kipato, na sasa alitaka wamrefushie muda wa kulipa. Walihitaji barua ya ofisi yenye muhuri.

Nilifungua kompyuta, nikaanza kuandika. Akainama juu ya bega langu kusoma.

"Hapo," akasema, akigusa kioo kwa kidole. "Andika imefutwa. Usiniandikie lile lingine."