Nilivyoacha Kupenda Kila Picha: Uzoefu Wangu na Foleni ya Programu za Uchumba

Ninaandika haya kwa sababu ushauri mbaya ulinipotezea miezi mitatu ya mwaka jana, na bado nausikia ukitolewa kwa wengine kwa uhakika uleule niliopewa mimi. Ninaishi Mwanza, nina miaka 36, na kazi yangu ni kutunza ghala, ambako kila kinachoingia na kila kinachotoka lazima kiandikwe. Nilipoamua kutafuta mwenza kupitia programu ya simu, binamu yangu, ambaye amezitumia kwa miaka mingi, aliniambia hivi: "Kaka, usichague. Wewe telezesha kidole kulia kwa kila picha inayokuja, halafu wao ndio wachague." Kwa maelezo yake, ndani ya programu kuna alama ya siri ya uzuri ambayo kila mtu amepewa, na dawa pekee ya mwenye alama ndogo ni kurusha wavu mpana.

Nilimtii kwa siku 14. Kila usiku nilikaa kitandani nikitelezesha kidole kulia, yaani kumwambia mtu kwamba nimempenda, kulia, kulia, bila kusoma hata neno moja la wasifu wa mtu, mpaka programu inikatalie na kuniambia kwamba nimemaliza idadi ya siku hiyo. Usiku wa tano nilijikuta nimewapenda wanawake wawili walioandika wazi kwamba hawataki watoto, ilhali mimi ninawataka, na mwingine aliyeandika kwamba yuko safarini na anaondoka Mwanza kesho yake. Kwa kuwa nina mazoea ya daftari, niliandika: waliopendwa na mimi walikuwa zaidi ya 600, waliorudisha upendo walikuwa 11, na kati ya hao niliweza kuzungumza na wawili tu, tena kwa siku moja moja. Wengine tisa sikuwaandikia kabisa, kwa sababu nilipofungua wasifu wao kwa mara ya kwanza niliona kwamba hatufanani kwa lolote. Jambo lililonishtua zaidi lilikuja wiki ya pili, kwani picha zilizoletwa mbele yangu zilizidi kuwa za watu walio mbali na walioonekana kuwa hawajafungua programu kwa siku nyingi, na arifa za kupendwa zilikatika.

Binamu akanipa dawa nyingine, yaani nifute akaunti na kufungua mpya. Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilipata siku tatu nzuri kweli, na nusura niamini kwamba nimeipata siri. Siku ya nne mambo yalirudi palepale, na mara ya pili hata hizo siku tatu sikuziona. Mazungumzo niliyokuwa nayo yalipotea pamoja na akaunti, akiwemo mwanamke mmoja niliyekuwa nimeanza kumheshimu, na mpaka leo sina njia ya kumweleza kwamba sikumkimbia.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Kanuni kamili hazitangazwi na kampuni hizi, lakini zimesema mambo ya kutosha. Ile alama ya siri ya binamu iliwahi kuwepo kweli: programu ya uchumba ya Tinder ilitumia alama iitwayo Elo, iliyopewa jina la Arpad Elo, mtaalamu aliyebuni njia ya kupanga wachezaji wa sataranji kwa nguvu zao. Ukipendwa na mtu mwenye alama kubwa, yako inapanda, kama mchezaji aliyemshinda bingwa. Hata hivyo, Machi 2019 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mfumo huo ni wa zamani, na kwamba jambo kubwa zaidi linaloamua nani aonyeshwe ni kama mtu anaitumia programu, kwa sababu haina faida kumwonyesha mtu ambaye hayupo kujibu. Ilieleza pia kwamba mpangilio wa picha unazoletewa hubadilika kila unapopendwa au kukataliwa, na mabadiliko hayo huonekana ndani ya saa 24 hivi.

Ninavyouelewa sasa, mfumo kwanza huchuja kwa umri, jinsia na umbali, kisha huwapanga waliobaki kwenye foleni. Swali linaloipanga foleni hiyo linahusu kama ninyi wawili mtapendana na kuzungumza, wala haliulizi nani mzuri kuliko nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilichapisha wazo hili mwaka 2010 katika mfumo wao wa kupendekeza wachumba, uliopima upendeleo wa pande zote mbili kwa pamoja. Chukua mfano wa kukadiria. Tuseme kuna mwanamke ambaye uwezekano wa mimi kumpenda ni 80 katika 100, lakini uwezekano wa yeye kunipenda ni 5 katika 100. Ukizidisha hizo mbili, uwezekano wa kupendana ni 4 katika 100. Mwingine mimi ningempenda kwa 40 na yeye angenipenda kwa 30, na hapo jibu ni 12 katika 100. Huyu wa pili ndiye anayestahili kuwekwa mbele yangu, ingawa picha yake haikunisisimua kama ya yule wa kwanza.

Sasa angalia nilichokuwa nikifanya kwa zile siku 14. Mtu anayependa kila picha hauambii mfumo chochote kuhusu anachokipenda, kwa hiyo upande wake wa hesabu unakuwa sawasawa kwa watu wote, na foleni yake inapangwa bila yeye kuwa na sauti. Juu ya hilo, wale tisa niliopendana nao nikanyamaza walikuwa ushahidi kwamba kupendana na mimi hakuzai mazungumzo. Programu nyingine ya uchumba, Hinge, ilionyesha mwaka 2024 jinsi inavyolichukulia jambo hili, ilipoanza kuwazuia watu wenye mazungumzo manane au zaidi yanayosubiri jibu lao wasipate wapya mpaka wajibu au wayafunge.

Hata zile siku tatu nzuri za akaunti mpya zina maelezo. Mfumo haujui lolote kuhusu mgeni, kwa hiyo humtembeza mbele ya watu wengi ili ujifunze wanavyompokea. Ukirudi na picha zilezile na tabia ileile, mfumo utajifunza yaleyale. Tena nambari ya simu na kifaa chenyewe vinaweza kukutambulisha, na anayefungua akaunti mara kwa mara hufanana na matapeli ambao programu hizi zinajitahidi kuwaondoa.

Nikaanza upya kwa utaratibu wangu. Nilifungua programu mara moja kwa siku, saa tatu usiku, kwa dakika 20 hivi, kwa sababu ndio wakati ambao watu wa hapa wamemaliza chakula na wameshika simu. Wapo wanaosema lazima uiache wazi mchana kutwa, lakini kwangu mimi kukaa siku nzima hakukuongeza kitu zaidi ya kumaliza bando. Nilisoma kila wasifu mpaka mwisho, na nikawapenda watu sita au saba kwa siku, wale tu ambao ningewaandikia usiku huohuo kama wangekubali. Aliyekubali nilimwandikia kabla sijalala. Yule ambaye mazungumzo yetu hayakwenda nilimuaga kwa adabu na kuyafunga, sikuyaacha yaning'inie.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa ya picha. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya harusini, nimevaa miwani ya jua, nimesimama kati ya wanaume watatu, na dada yangu alipoiona aliuliza kwa upole, "Kaka, wewe ni yupi hapo?" Nilichagua picha tatu nikaziweka mbele kwa zamu, kila moja wiki nzima, bila kubadilisha kitu kingine chochote, na nikahesabu waliorudisha upendo kwa kila 40 niliowapenda. Ile ya harusi ilinipa mmoja. Ya pili, niliyopigwa kwenye mawe ya Capri Point wakati wa jua kali, ilinipa wawili. Ya tatu ilipigwa na mwenzangu kazini bila mimi kujua, nimeinama juu ya daftari la ghala, mwanga wa mlangoni ukinipiga usoni na ninacheka, na hiyo ilinipa saba. Idadi hizo ni ndogo na bahati huenda imechangia, ndiyo maana niliirudia ile ya harusi kwa wiki nyingine, na ikanipa mmoja tena. Tangu hapo sikuwa na shaka.

Kabla ya jaribio hilo nilikuwa nimelipia huduma ya kusogezwa mbele kwa nusu saa, kama shilingi elfu kumi na kitu. Huduma hiyo hufanya inachosema, maana watu wengi zaidi waliniona, ila waliniona na miwani yangu ya harusini, na walioitikia hawakufika watatu. Fedha hununua kuonekana, na kwa mwenye picha mbaya maana yake ni kukataliwa na watu wengi kwa muda mfupi. Anayetaka kulipia na alipie baada ya kurekebisha wasifu.

Wiki ya tano foleni yangu ilibadilika kwa namna niliyoiona kwa macho, kwani picha zilizokuja mwanzo zilikuwa za watu wa karibu, waliojaza wasifu, na wengi walijibu usiku uleule. Nasema karibu, ingawa umbali huhesabiwa kwa mstari ulionyooka na programu haijui kwamba kuna ziwa. Mwalimu mmoja wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alionyeshwa kuwa kilomita chini ya 20 kutoka kwangu, ilhali kumfikia ni kusubiri kivuko. Katika picha yake moja alikuwa amesimama kando ya jiko la udongo lenye matundu mawili. Nikamwandikia, "Habari za jioni, dada. Hilo jiko umelijenga mwenyewe? Mama yangu ana la aina hiyo, ila lake hutoa moshi." Alijibu baada ya dakika kumi na moja, akanieleza mahali pa kutoboa tundu la moshi.

Tulipoonana mara ya pili, pale kituo cha kivuko upande wa Mwanza, alinionyesha orodha yake ya mazungumzo. Zaidi ya wanaume 40 walikuwa wamependana naye. Wengi hawakuandika neno, na walioandika waliandika "Mambo" wakaishia hapo. Alisema alikuwa amebakiza siku chache aifute programu, kwa sababu aliona kwamba wanaume wale hawakuwa wamemchagua yeye. Nilitambua safu ile vizuri sana, kwa kuwa kwa siku 14 nami nilikuwa mmoja wao kwenye simu za wanawake 600.