Majora Matatu ya Mzigo wa Pili

Malalamiko yaliingia usiku wa Alhamisi, na sendoff ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiusimamia ukurasa wa duka, alinipigia simu nikiwa nimeshapanda kitandani. "Shangazi, kuna dada anatuita matapeli. Nimfute?"

Nikamwambia asiguse kitu mpaka nisome.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameandika kwa hasira, na hakuficha kitu. Wiki kadhaa nyuma kamati yake ilinunua kwetu, Mtaa wa Uhuru, majora kumi ya kitenge cha bluu na njano, kila jora yadi 12, yaani sare za wanawake 20 kwa yadi sita sita. Baadaye ndugu wa upande wa mama wakatangaza kwamba na wao wanakuja, akarudi kuongeza majora matatu. Siku ya kujaribisha nguo kwa fundi, wanawake sita walionekana kama wamealikwa kwenye shughuli nyingine. Bluu yao ilivuta kwenye zambarau. "Mmetuuzia orijino kwanza, mkamalizia na feki. Kariakoo nzima wajue." Akaweka na picha mbili.

Chini yake watu walishaanza kuchangia. Mmoja alisema duka letu siku zote ni hivyo, na mimi sikumkumbuka hata kidogo.

Nitasema ukweli, jibu la kwanza lililonijia lilikuwa tamu sana. Dada yule alikuwa bado anadaiwa salio la yale majora matatu. Ningeliandika hilo tu, kila mtu angeacha kumhurumia. Mpwa wangu alilitaka hasa hilo, na alikuwa na ujumbe wa muamala wa simu tayari, wenye jina na namba. Nikamkatalia. Deni la mteja ni siri ya kaunta. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isingekuwapo, anayesoma pale ni mnunuzi wa kesho, na akiona unaanika madeni ya watu atajua zamu yake inakuja. Kufuta nako hakusaidii: mtu mwenye hasira ameshapiga picha ya skrini, naye atairudisha ikiwa na maneno "wamefuta" juu yake.

Basi nikamwambia aandike mstari mmoja tu: tumeona, kesho tutakagua kitambaa chenyewe, tutajibu hapahapa kabla ya saa nane mchana. Kisha nikalala, ingawa si vizuri.

Asubuhi nilitoa kipande cha sampuli. Kila mzigo ukifika huwa nakata kipande kidogo chenye ukingo na kukibandika kwenye daftari, tabia niliyoirithi kwa mama aliyenifundisha kuuza kanga. Mzigo wa kwanza ulikuwa umekwisha, lakini sampuli yake ipo. Wa pili ulikuwa bado na majora kwenye shelfu. Nikaviweka sambamba chini ya taa nyeupe za dukani: havina tofauti. Maandishi ya ukingoni ni yaleyale, namba ya muundo ni ileile, maua hayajapishana hata uzi. Nikatoka navyo barazani, juani, nikakutanisha ukingo kwa ukingo. Hapo hata muuza kahawa aliona.

Kwa hiyo feki haikuwapo, na uongo wa mteja haukuwapo. Kiwandani rangi huchanganywa kwa awamu. Awamu ikiisha, nyingine huandaliwa upya, na hata kama kipimo ni kilekile, joto la maji, pamba yenyewe au muda kitambaa kilichokaa kwenye rangi vinaweza kuisogeza kidogo. Namba ya ukingoni inataja mchoro; haikuhakikishii awamu. Ndiyo maana fundi wa siku nyingi hukwambia nunua sare zote siku moja. Na taa za dukani huficha, kwa sababu mwanga wake haufanani na wa jua: rangi mbili zinazoonekana moja ndani zinaweza kuachana nje. Kijana aliyemuuzia yale matatu alilinganisha namba, akaona yuko sawa. Hakumwambia kwamba ni mzigo mwingine.

Kazi ikawa kuyasema haya bila kumfanya dada aonekane hajui vitambaa. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mno, imejaa viwanda na joto la maji. Nilipoisoma kwa sauti nikajisikia kama mwalimu anayemkemea mtoto. Nikakata, nikakata tena. Jibu lililobaki ni hili:

"Dada, habari za leo. Tumelinganisha vitambaa vyote viwili juani na unachosema ni kweli: bluu hazilingani. Majora matatu ya mwisho ni ya mzigo mwingine. Muundo na kiwanda ni vilevile, lakini rangi ya kila mzigo hupishana, na chini ya taa za duka haionekani. Duka ndilo lililopaswa kukuambia kabla hujalipa. Kitambaa ambacho hakijakatwa tunakipokea na kurudisha pesa. Kwa kilichoshonwa, tunaomba tuje kwa fundi wako leo jioni tuone cha kufanya kabla ya shughuli. Tumekupigia simu."

Mpwa wangu aliuliza kwa nini sijaandika kwamba si feki. Nikamwambia maneno "muundo na kiwanda ni vilevile" yanatosha. Ukilirudia neno feki, msomaji anaondoka na hilo tu. "Pole kwa usumbufu" pia niliitoa, maana siku hizi inaandikwa hata umeme ukikatika. Na sikutaja fidia yoyote kwa kilichoshonwa, kwa kuwa nilikuwa sijaiona kazi yenyewe. Ahadi ikishawekwa hadharani, kila mwenye nguo iliyopauka ataidai.

Jioni tulikutana kwa fundi, Ilala. Dada alikuwa bado amenuna. Nguo zote zilishashonwa, kwa hiyo kurudisha hakukuwa na maana. Binti mmoja wa kamati alipendekeza wabadilishane vipande, mikono ya huyu iende kwenye gauni la yule. Fundi akakataa kabla sijafungua mdomo: tofauti ndogo ikikaa kwenye vazi moja ndiyo hupiga kelele zaidi.

Tukakubaliana wale sita wabaki pamoja kama kundi la mama wadogo, na wale 20 wapate vilemba vya bluu ya pili, ili rangi ionekane imekusudiwa. Yadi moja ya kilemba kwa mtu, yadi 20, nilitoa majora mawili bila malipo. Fundi alishona pindo kwa gharama yangu, na hapo akanibana bei kweli, kwa kujua sina pa kwenda. Salio la deni nililiacha lilivyo. Dada alililipa baada ya shughuli bila kukumbushwa.

Malalamiko yake hakuyafuta, nami sikumwomba. Aliandika tu chini yake, "Wamekuja, tumeelewana," bila hata alama ya moyo.

Miezi michache baadaye akaja mama mmoja kununua sare za kikoba chao, majora manane. Kabla ya kulipa akasema, "Mwanangu, nilisoma yale ya ile sendoff. Nitolee yote nje." Tukayapanga barazani, ukingo kwa ukingo. La sita halikufanana na wenzake, akalirudisha yeye mwenyewe kwenye shelfu na kuomba lingine.