Wiki kumi nilizoisubiri hisa ya benki

Nimeanza kununua hisa kwa pesa ya kahawa. Shamba letu liko Kibosho, mimi nakaa Moshi mjini, na malipo yakitoka huwa nina miezi kadhaa kabla sijayahitaji tena. Kwa hiyo sihangaiki na bei ya leo na kesho. Nataka hisa ya kukaa nayo miezi minane, hata mwaka.

Mara ya kwanza niliangalia urahisi tu. Niligawa bei kwa faida ya kila hisa, nikapata 5, nikaona ni bwerere, nikanunua kwa pesa yote. Bei ilikuwa ikishuka tangu miezi mingi nyuma na sikujali. Ilipotoka ripoti iliyofuata, faida ilikuwa imepungua karibu nusu. Ile 5 yangu ilikuwa na faida ya zamani ndani yake. Waliokuwa wakiuza walikuwa wamekwisha kuhisi. Nilikaa na hasara hiyo miezi 14.

Tangu hapo hesabu ya thamani inaniambia ninunue nini, chati inaniambia lini, na moja bila nyingine sinunui.

Mwaka jana mwishoni mwa Julai, benki moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ilitangaza matokeo ya nusu mwaka gazetini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachukua robo moja nzuri na kuizidisha kwa nne. Mimi nachukua faida ya hisa ya mwaka mzima uliopita, ilikuwa shilingi 50, naongeza nusu ya mwaka huo, 30, natoa nusu kama hiyo ya mwaka uliotangulia, 24. Inabaki 56, yaani miezi 12 ya karibuni kabisa. Bei ilikuwa 336, sawa na mara 6 ya faida. Kwa miaka mitano hisa hiyo ilizunguka kati ya mara 7 na 9, nayo mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, haikuwa imeongezeka. Rahisi, basi.

Lakini chati ilikataa. Naandika bei ya kufunga ya kila Ijumaa kwenye jedwali la kompyuta, bei mpya ikiwa juu, kisha natafuta wastani wa wiki 30:

```
=AVERAGE(B2:B31)
```

Wastani ulikuwa 371, juu ya bei, na bado unashuka. Nikasubiri. Mdogo wangu alinisumbua sana: "Kaka, si ulisema ni rahisi? Itapanda utaachwa." Nikamwambia nitakubali kuachwa na shilingi 20 za mwanzo.

Wiki ya kumi, mapema Oktoba, wastani ulikuwa umetulia kwenye 345. Bei ilifunga 352, wiki iliyofuata 355, na hisa zilizouzwa zilikuwa zaidi ya mara tatu ya kawaida. Hapo nikampigia dalali, oda yenye kikomo cha 356, nusu tu ya pesa. Ilichukua siku nne kujaa, kwa sababu wauzaji ni wachache, na kununua bila kikomo kwenye soko jembamba ni kujipandishia bei mwenyewe. Nusu ya pili niliinunua Novemba kwa 350, bei iliporudi karibu na wastani bila kuuvunja.

Mtihani ulikuja Mei. Bei ilitoka 410 hadi 386 ndani ya siku chache, chini ya wastani uliokuwa 391. Kwa kanuni yangu hiyo ni dalili ya kwanza ya kuuza. Kumbe siku ya mwisho ya kununua na kupata gawio ilikuwa imepita, na gawio lilikuwa shilingi 24, kiasi kilekile kilichoanguka. Nikapunguza 24 kwenye bei zote za nyuma, wastani ukawa 367. Bei ilikuwa bado juu yake, nami nikabaki. Gawio liliingia 22.80 kwa hisa baada ya kodi ya asilimia 5.

Njia hii haifai kwa kila hisa. Zipo ambazo wiki nzima hapauzwi hata moja, na chati yake inakuwa mstari ulionyooka. Ukiuona, usidhani bei imetulia. Hakuna mtu sokoni, na wastani wake hauna maana. Hizo nazipima kwa thamani peke yake, nanunua kidogo kidogo, au naziacha.

Benki yangu sasa iko 430 na faida ya miezi 12 ni 62, mara 6.9. Nitaiuza ikifika mara 9, au ikifunga wiki mbili chini ya wastani baada ya kutoa gawio, au faida ikianza kupungua robo mbili mfululizo. Ada za kununua na kuuza, kama asilimia 2 kila upande, hazimo kwenye bei hizi.